Dripu ya Haraka, Watoto 3,141 na Ombi la "Nieleze"

Faili linaitwa `nejmoa1101549.pdf`, lina kurasa 13, na linaweza kuingia kwenye simu ya nesi, ya mwalimu wa baiolojia, au ya kijana yeyote ambaye ukoo unamjua kuwa amesoma. Chini yake kuna neno moja: "Nieleze." Anayelituma hasemi amelipata wapi wala analitakia nini.

Ndani yake mna ripoti ya jaribio la tiba linaloitwa FEAST, lililochapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Aliyeliongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa na kituo chake cha kazi Kilifi. Watoto waliohesabiwa humo ni wa Afrika Mashariki: walilazwa Kilifi nchini Kenya, Teule wilayani Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Hakuna hata moja kati ya hospitali hizo sita iliyokuwa na chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine za kupumulia kwa ajili yao.

Swali la utafiti lilikuwa la kila siku wodini. Mtoto analetwa akiwa na homa kali, amelegea au amepoteza fahamu, anahema kwa shida, mikono na miguu imepoa, mapigo yanakimbia. Damu haifiki vizuri mwilini. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo ajazwe maji kwenye mshipa haraka, ndani ya saa moja. Fundisho hilo lilikuwa na mantiki, lakini halikuwa limewahi kupimwa kwa watoto wengi katika hospitali za aina hii. FEAST ililipima, na jibu likawashangaza hata waliolipanga: watoto waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa.

Jibu hilo ni fupi, na ufupi wake ndio hatari yake. Mtu akisoma muhtasari tu anaweza kumrudishia aliyeuliza sentensi moja, "Dripu inaua watoto," akadhani ameeleza. Sentensi hiyo ikifika kwa mama ambaye mwanawe anaharisha na kutapika tangu jana, anaweza kuikataa dripu ambayo ndiyo ingemwokoa. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo kabisa katika utafiti huu. Waliondolewa tangu mwanzo, na ripoti inalisema hilo wazi katika sehemu ya mbinu, ambayo wasomaji wengi huiruka ili wafike haraka kwenye matokeo.

Kwa hiyo kazi ya kueleza inaanza kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Inaanza kwa kumjua anayeuliza.

Tuseme anayeuliza ni mwanamke kijana, na aliyetumiwa ni dada wa mtaani ambaye ni nesi. "Shikamoo dada, nimetumiwa hii, nieleze." Nesi mzoefu hatajibu kwa kuanza kutafsiri. Atauliza: "Marahaba mdogo wangu. Hapo nyumbani hamjambo? Kuna mtoto amelazwa?" Swali hilo la pili lina uzito kuliko kurasa zote 13. Jibu likiwa, "Hapana, nilitaka kujua tu," pana nafasi ya kueleza taratibu. Jibu likiwa, "Ndiyo, mwanangu yuko wodini, anaharisha, wamemtundikia dripu," mpangilio wote unageuka. Jambo la kwanza kusema ni kwamba utafiti huu haumhusu mtoto huyo, dripu isiguswe, na kama kuna wasiwasi amwite muuguzi wa zamu. Mengine yatafuata baadaye, kama bado anayataka.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekaukiwa sana na maji kwa kuharisha hupewa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya nusu saa ya kwanza. Mwendo huo ni wa kasi kuliko dripu ya haraka iliyokuwa ikipimwa FEAST, na bado ni tiba sahihi, kwa sababu mtoto huyo amepoteza maji kweli na anarudishiwa yaliyotoka. Mtoto wa FEAST, mwenye malaria kali au maambukizi ya damu, hajayapoteza kwa njia hiyo. Kwa macho ya mzazi watoto hawa wawili wanafanana: wote wamelegea, wote wamepoa, wote wana chupa inayoning'inia juu ya kitanda. Anayeeleza asipowatenganisha, hakuna mwingine atakayewatenganisha.

Anayeuliza anaweza pia kuwa tabibu wa kituo cha afya. Huyo haihitaji habari ya dripu ni nini. Ukimwelezea kama unavyomweleza mama wa mtaani utakuwa umempotezea muda, na huenda asikusikilize tena. Dalili za kumtambua huwa zipo katika maneno yake mwenyewe. Akiuliza, "Walimhesabuje mtoto kuwa damu haizunguki vizuri?" amekwisha kuonyesha anaposimama. Huyo apelekwe moja kwa moja kwenye vigezo. Mtoto alipaswa kuwa na umri wa kati ya siku 60 na miaka 12, awe na homa kali pamoja na kulegea, kupoteza fahamu au kuhema kwa shida, kisha awe na angalau dalili moja ya mzunguko mbaya wa damu. Dalili zenyewe zilikuwa rangi kuchukua sekunde 3 au zaidi kurudi baada ya ncha ya kidole kubonyezwa, miguu kuwa ya baridi chini na ya joto juu, mapigo hafifu kwenye kifundo cha mkono, au moyo kwenda mbio kupita kiasi.

Neno "angalau dalili moja" ndilo tabibu atakalolishikilia, na ana haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa ukidai dalili tatu kwa pamoja ndipo mtoto aitwe kuwa katika mshtuko wa mzunguko wa damu: mikono na miguu ya baridi, rangi kuchelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, na mapigo hafifu yaendayo mbio. Watoto wengi wa FEAST hawakufikia kipimo hicho. Hapa ndipo palipozuka mabishano makali ya kitaalamu baada ya ripoti kutoka, na tabibu asiyeambiwa habari hiyo atakuwa amepewa nusu ya utafiti.

Sasa matokeo yenyewe. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu yaliyokaribiana kwa ukubwa. Kundi la kwanza lilipewa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilipewa haraka maji ya chumvi ya kawaida, yale yanayojulikana wodini kama nomo salaini. La tatu halikupewa maji ya haraka. Kipimo cha haraka kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ni mililita 200 hadi 400: kiasi cha chupa ya soda, kikiingia kwenye mshipa wa mtoto wa mwaka mmoja.

Kundi la tatu linahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa ndilo linaloelezwa vibaya mara nyingi. Watoto hao hawakunyimwa matibabu, wala hawakukosa dripu. Waliwekewa dripu ya kawaida ya taratibu, mililita 2.5 hadi 4 kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 25 hadi 40 kwa saa kwa yule mtoto wa kilo 10. Makundi yote matatu yalipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, sukari iliposhuka, na damu kwa waliopungukiwa. Kilichotofautiana ni kasi na wingi wa maji ya saa ya kwanza.

Baada ya saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050, sawa na asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi walifariki 110 kati ya 1,047, asilimia 10.5. Katika kundi la dripu ya taratibu walifariki 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Baada ya wiki nne pengo lilikuwa bado lipo: asilimia 12.2, 12.0 na 8.7.

Hayo ndiyo matokeo. Kila kitu kingine katika ripoti ni njia ya kuyafikia, maelezo ya kwa nini yalitokea, au mipaka yake. Kwa mtu asiyezoea makala za sayansi, kuiona mistari hiyo ya mgawanyo ni kazi ngumu, maana yote yamechapishwa kwa herufi zilezile na kwa sauti ileile ya uhakika.

Mtu wa tatu anayeweza kuuliza ni mtangazaji wa redio mwenye kipindi cha afya jioni. Anataka tarakimu moja ya kusema hewani, na ataikuta: hatari ya kufa kwa waliopewa maji ya haraka ilikuwa mara 1.45 ya wengine. Akisema "vifo viliongezeka kwa asilimia 45," hajasema uongo, lakini msikilizaji jikoni atasikia kwamba karibu nusu ya watoto walikufa. Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na watoto mia. Kati ya watoto 100 waliopewa dripu ya taratibu walifariki kama 7. Kati ya 100 waliopewa ya haraka walifariki kama 10 au 11. Tofauti ni zaidi kidogo ya watoto 3 katika kila 100, au mtoto mmoja zaidi kwa kila watoto wapatao 30 waliotibiwa hivyo. Namna zote mbili za kusema zinatokana na hesabu moja. Ya pili inambakisha msikilizaji karibu na ukweli, nayo haipunguzi uzito wa jambo hata kidogo: katika hospitali inayopokea watoto mia kadhaa wa aina hii kwa mwaka, ni familia nyingi.

Pembeni ya ile 1.45 kuna tarakimu mbili nyingine, 1.13 na 1.86. Mtangazaji anaweza kuziacha, tabibu asiziache. Zinasema kwamba kwa ushahidi uliokusanywa, ongezeko halisi la hatari linaweza kuwa dogo kiasi cha asilimia 13 au kubwa kiasi cha asilimia 86. Pande zote mbili ziko juu ya 1, kwa hiyo madhara yenyewe hayana shaka kubwa. Ukubwa wake ndio usiojulikana kwa usahihi.

Utafiti haukufika mwisho uliopangwa. Watoto 3,600 ndio waliokusudiwa, lakini Januari 2011 kamati huru ya usalama, iliyokuwa ikipitia takwimu wakati kazi ikiendelea, ilipendekeza uandikishaji usimamishwe. Hilo lilikuwa sahihi kimaadili. Kitakwimu lina gharama: tafiti zinazokatishwa mapema kwa sababu tofauti imejitokeza huelekea kuikuza kidogo tofauti hiyo. Kwa kuwa hapa watoto wengi walikuwa wamekwisha kuandikishwa, gharama hiyo si kubwa.

Udhaifu mwingine ni kwamba madaktari na wauguzi walijua ni mtoto yupi amepewa nini. Chupa ya maji ya haraka haifichiki. Katika utafiti wa maumivu au uchovu, jambo hilo lingeweza kuharibu kila kitu, kwa sababu anayejua tiba huona nafuu anayoitarajia. Lakini kipimo kikuu cha FEAST kilikuwa kifo, na kifo hakisomwi tofauti kwa sababu ya matarajio ya anayekiandika. Tena matarajio ya wengi yalikuwa kwamba maji yangesaidia. Mwelezaji mzuri hatoshi kusema "utafiti ulikuwa na udhaifu huu." Atasema pia udhaifu huo ungeweza kuyasukuma matokeo upande gani, na kwa kiasi gani. Bila hivyo, orodha ya udhaifu inageuka kisingizio cha kuutupa utafiti wowote usiopendeza.

Mipaka ni jambo jingine, na kuichanganya na udhaifu ni kosa linalofanywa hata na waliosoma. Kutowahusisha watoto wenye kuharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua moto au waliojeruhiwa hakuufanyi utafiti kuwa dhaifu. Kunaonyesha mahali unapokoma. Watoto wenye shinikizo la damu lililoshuka vibaya sana walikuwa 29 tu. Hao wote walipewa maji ya haraka, kwa kuwa ilionekana si haki kuwanyima, na wengi wao walifariki: 9 kati ya 13 upande wa albumini, 9 kati ya 16 upande wa maji ya chumvi. Kwa kuwa hawakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, ripoti haiwezi kusema kama maji yaliwadhuru au yaliwasaidia. Mtu anaweza kuzisoma tarakimu hizo na kutetemeka, lakini hazijibu swali.

Vivyo hivyo kwa watoto waliofikia kipimo kile kikali cha dalili tatu. Uchambuzi wa takwimu zilezile uliwakuta 65. Waliopewa maji ya haraka walifariki 24 kati ya 50, na wasiopewa walifariki 3 kati ya 15. Asilimia 48 dhidi ya 20 inaonekana kama ushindi wa wazi, mpaka mtu akumbuke kwamba upande mmoja una watoto 15. Watoto wawili au watatu wakiwa na bahati tofauti, picha yote inabadilika. Tabibu aambiwe kwamba idadi hiyo inaelekea upande uleule wa matokeo makuu na haitoi dalili ya faida, lakini peke yake haitoshi kuthibitisha madhara.

Kuna kitu ambacho kila anayeuliza hufika kwake mwishowe, awe mama au mtaalamu: kwa nini? Ripoti ya 2011 haikuwa na jibu. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba maji yalijaa kwenye mapafu au yalivimbisha ubongo. Lakini tuhuma za matatizo hayo zilikuwa asilimia 2.6 na 2.2 katika makundi ya maji ya haraka na 1.7 katika kundi la taratibu, tofauti ndogo isiyoweza kuelezea vifo vyote vya ziada. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ilichapisha uchambuzi wa namna watoto walivyofariki, na ikaonekana kwamba ziada kubwa ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuanguka, hata kwa watoto walioanza kuonekana kupata nafuu saa za mwanzo. Hapo sauti ya mwelezaji inapaswa kubadilika. Kuhusu vifo anaweza kusema "ilionekana." Kuhusu chanzo chake aseme "inadhaniwa," na amwachie msikilizaji aisikie tofauti hiyo.

Pia ni vizuri kutaja mazingira. Hospitali za FEAST zilipata mafunzo ya kupokea watoto wa dharura, vifaa vya kupimia, na ufuatiliaji wa karibu katika saa za kwanza. Hilo linaeleza kwa nini hata kundi lenye matokeo bora lilipoteza watoto wachache kuliko ilivyokuwa ikitarajiwa. Kituo kisicho na oksijeni wala damu ya kuongeza hakitapata asilimia 7.3 kwa kupunguza kasi ya dripu peke yake. Karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, chini ya gramu 5 kwa desilita, na kwao damu ilikuwa sehemu ya tiba.

Tabibu atakayefika hapa atauliza afanye nini kesho asubuhi, na swali hilo halijibiwi na faili alilotumiwa. Utafiti mmoja hauandiki mwongozo. Mwongozo uliofuata ulikuja mwaka 2016, pale Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbaya wa damu asipewe maji ya haraka, bali dripu ya taratibu na uangalizi wa karibu. Mwenye dalili zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, kisha apimwe tena. Aliye na upungufu mkubwa wa damu aongezewe damu mapema iwezekanavyo.

Na kama tabibu huyo anatibu pia watu wazima, ataongeza swali moja: je, nao vilevile? FEAST haikuwa na mtu mzima hata mmoja, kwa hiyo jibu halimo humo. Limo katika jaribio jingine, lililofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2017, lililohusisha watu wazima 212 wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliotibiwa kwa utaratibu wenye maji mengi ya mapema walifariki hospitalini asilimia 48.1, waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali hiyo, asilimia 33.0. Utaratibu huo wa kwanza ulikuwa na dawa za kupandisha shinikizo na damu pia, si maji peke yake, na tabibu anapaswa kuambiwa hilo kabla hajaziweka tarakimu hizi pamoja na zile za Kilifi na Muheza.